Maziwa ya chokaa kwa mikupuo: chati ya SFC, CASE, au ngazi yenye biti za hatua?

Fundi aliyesoma umeme wa viwandani Lubumbashi kwa kawaida anaijua Grafcet. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1977, ikafika kwetu kupitia vitabu vya Kifaransa, na leo kanuni zake zimo katika IEC 60848. SFC ni ndugu yake. Inatumia visanduku vilevile vya hatua na vistari vilevile vya mpito, ila yenyewe ni lugha ya kuprogramu ndani ya otomate, na imo katika IEC 61131-3 tangu toleo la kwanza la mwaka 1993. Undugu huo huwadanganya wengi. Mtu anachora Grafcet nzuri kwenye karatasi, kisha anakwama: aichore vilevile kwenye skrini kwa SFC, aigeuze kuwa `CASE` katika maandishi, au aitafsiri kuwa ngazi yenye biti moja kwa kila hatua?

Njia zote tatu ni mashine ya hali, na zote zinaweza kuendesha tanki lilelile. Zinatofautiana siku mambo yanapoharibika, na hapo ndipo tutakapozilinganisha.

Kazi yenyewe

Tuchukue tanki la maziwa ya chokaa, aina inayotumika kwenye viwanda vya shaba na kobalti kupunguza asidi. Mkupuo mmoja ni kilo 2000, na chokaa iliyozimwa ni asilimia 15 ya uzito, yaani kilo 300, au mifuko 12 ya kilo 25. Tanki limekaa juu ya vipima uzito. Chokaa inatoka kwenye hopa kwa parafujo. Kikorogeo kina pangaboi moja karibu na chini, na lazima tanki liwe na angalau kilo 400 ndipo kizunguke.

Hatua ni hizi:

- 0: kungoja
- 10: maji ya kwanza, kilo 1200
- 15: kuhifadhi uzito wa sasa kuwa tara
- 20: kikorogeo kinazunguka, chokaa inaingia, kilo 300
- 30: maji ya kumalizia, kilo 500
- 40: kukoroga dakika 15
- 50: kumwaga kwenye tanki la akiba
- 60: kuosha bomba

Hatua ya 15 inaonekana ya bure. Tutaona kwa nini ipo.

Katika hatua ya 20 parafujo haizimwi kwenye kilo 300. Chokaa iliyo hewani bado itaanguka, kwa hiyo tunazima kwenye 294, tunangoja sekunde 10 uzito utulie, ndipo tunasoma. Hizo kilo 6 ni za mfano. Kila parafujo ina kiasi chake, na unakipata kwa kupima mikupuo mitano au sita.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni umeme kukatika katikati ya mkupuo. Kwetu hili si jambo la nadra, na chokaa haisubiri: kikorogeo kikisimama, inazama chini.

Cha pili ni kusimamisha kwa makusudi na kuvunja kabisa. Kusimamisha maana yake utaendelea baadaye kutoka hapohapo. Kuvunja maana yake mkupuo umekufa. Tena hapa kusimamisha si kuzima kila kitu. Parafujo na vali ya maji vinasimama, ila kikorogeo lazima kiendelee.

Cha tatu ni kusomeka. Saa nane za usiku tanki limeganda kwenye hatua fulani, na fundi wa zamu anataka kujua linangoja nini.

Cha nne ni kama otomate uliyonayo inaikubali lugha hiyo.

Kitufe cha dharura hakimo kwenye orodha. Hicho kinakata umeme wa kontakta kwa waya, na programu inaarifiwa tu. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayochukua nafasi yake.

Tuangalie hesabu moja kabla ya kuanza, maana itaturudia. Umeme unakatika chokaa ikiwa nusu: maji 1200, chokaa 150, mizani inasoma 1350. Umeme unarudi. Programu ikisahau tara na kuiona sifuri, itaona uzito halisi wa 1350, itadhani chokaa imetosha zamani, na itaongeza maji 500. Unapata kilo 150 ndani ya 1850, yaani asilimia 8 tu. Programu ikirudi hatua ya 20 na kuchukua tara upya kwenye 1350, itaingiza kilo 300 nyingine. Sasa ni 450 ndani ya 2150, karibu asilimia 21. Kwenye skrini makosa yote mawili yanaonekana kama mkupuo uliokwisha salama. Atakayegundua ni mtu wa maabara, au yule anayeona pH inayumba bila sababu.

Njia ya kwanza: chati ya SFC

*Umeme kukatika.* Kwa kawaida chati ikiwashwa upya huanza kwenye hatua yake ya kwanza, isipokuwa kumbukumbu yake umeitangaza kuwa ya kudumu. Hata ukiitangaza, mtego wa tara bado upo. Wengi huweka tara kama kitendo cha `P1`, kinachofanyika mara moja hatua inapoanza, ndani ya hatua ya 20 yenyewe. Ukiingia tena hatua ya 20 baada ya umeme kurudi, `P1` inafanyika tena, na hiyo ndiyo ile asilimia 21. Ndiyo maana tara imepewa kisanduku chake, hatua ya 15. Ukiruka kuingia 20 moja kwa moja, tara ya zamani inabaki, mradi nayo iko kwenye kumbukumbu ya kudumu.

Kurudi kwenye hatua fulani kwa amri ya programu si rahisi sawa katika kila chapa. `GRAPH` ya Siemens ina viingilio vya kuchagua hatua na kuiwasha. Katika CODESYS kuna `SFCInit`, lakini hiyo inakurudisha mwanzo tu. Kwenda katikati unahitaji kuchora tawi linaloanzia hatua ya kwanza.

*Kusimamisha na kuvunja.* Hapa chati huchafuka haraka. Ukichora tawi la kusimama kutoka kila hatua, unapata mistari saba inayokwenda na saba inayorudi, na ule usomekaji uliokuvutia unapotea. Wengine hutumia kugandisha chati, mfano `SFCPause`. Tahadhari: chati iliyoganda haizimi kitu. Parafujo iliyokuwa inazunguka inaendelea kuzunguka.

Dawa inayofanya kazi vizuri ni chati mbili. Moja ni ya mapishi, ile ya hatua 0 hadi 60. Nyingine ni ndogo sana, ya hali ya mashine: kazi, kusimama, kuvunja. Vitoleo haviandikwi ndani ya visanduku. Vinaandikwa mahali pamoja, nje ya chati, kwa kusoma bendera za hatua:

```
xParafujo  := S20.X AND NOT xTosha AND xKazi;
xKikorogeo := (S20.X OR S30.X OR S40.X OR S50.X)
              AND (rUzito > 400.0) AND NOT xVunja;
```

Ona kwamba kikorogeo hakiulizi `xKazi`. Kusimama hakukigusi. Na `xTosha` ni biti inayojishikilia mara uzito unapofika 294, kisha inafutwa hatua inapokwisha. Bila hiyo, mizani inayoyumba kwa sababu ya kikorogeo itawasha na kuzima parafujo mara kumi kwenye mpaka.

Ukiandika hivi unaepuka pia mtego wa `S` na `R`. Kikorogeo kilichowashwa kwa `S` kwenye hatua ya 20 kinangoja `R` ya hatua ya 60. Mkupuo ukivunjwa kwa kuruka njia nyingine, `R` haifikiwi, na pangaboi linazunguka hewani ndani ya tanki tupu.

*Kusomeka.* Hapa chati haina mpinzani. Kisanduku kinachofanya kazi kinawaka rangi, na chini yake mpito unaonyesha sharti lipi halijatimia. Aliyesoma Grafcet shuleni anaelewa bila kufundishwa. Ila ajihadhari na tofauti moja. Kwenye Grafcet, mipito miwili inayotoka hatua moja ikitimia pamoja, yote inavukwa na matawi yote mawili yanawaka. Kwenye SFC tawi la kuchagua huchukua njia moja tu, na kwa kawaida inayotangulia ni ya kushoto. Mtu aliyeweka "uzito umefika" kushoto na "muda umepita kiasi" kulia atapata tabia moja. Akigeuza, atapata nyingine. Njia salama ni kuandika masharti yanayokataana yenyewe, moja likiwa na `NOT` ya jingine.

Nguvu nyingine ya chati ni kazi sambamba. Ukitaka kuosha bomba huku maji ya mkupuo ufuatao yakiingia, mstari mara mbili unakupa matawi mawili yanayokwenda pamoja. Mahali yanapoungana, linalomaliza kwanza humngoja mwenzake. Tawi la kuosha likikwama, tanki litakaa kimya likingoja, kwa hiyo lipe kengele yake ya muda.

*Otomate.* S7-1500 inayo `GRAPH`. S7-1200 iliyojaa kwenye kabati nyingi ndogo haina. CODESYS inayo SFC, na M340 ya Schneider vilevile. Angalia kabla ya kuchora.

*Inamfaa nani.* Kiwanda chenye mafundi wa zamu wanaofungua programu wenyewe, na mchakato wenye kazi sambamba.

Njia ya pili: CASE katika maandishi

*Umeme kukatika.* Hapa ndipo `CASE` inapong'ara. Hali nzima ya mashine ni namba moja. Unaiweka kwenye `VAR RETAIN` pamoja na tara na `iHatuaYaAwali`, na umeme ukirudi unaamua mwenyewe kwa mistari michache:

```
IF xUmemeUmerudi AND (iHatua > 0) AND (iHatua < 900) THEN
  iHatuaYaAwali := iHatua;
  iHatua := 900;
END_IF;
tKoroga(IN := (iHatua = 40), PT := T#15M);
CASE iHatua OF
  40:  IF tKoroga.Q THEN iHatua := 50; END_IF;
  900: IF xEndelea THEN iHatua := iHatuaYaAwali; END_IF;
END_CASE;
```

Hapa `xUmemeUmerudi` ni kweli katika mzunguko wa kwanza tu. Hali ya 900 ni kusimama: hakuna kinachoingia wala kutoka, opereta anaangalia tanki, kisha anabonyeza kuendelea. Sharti la `iHatua < 900` si pambo. Umeme ukikatika mara ya pili opereta hajabonyeza, bila sharti hilo hatua ya awali itaandikwa 900, na kitufe cha kuendelea kitakupeleka 900 milele. Kosa hili halionekani kwenye majaribio ya mezani, kwa sababu mezani watu huzima mara moja tu.

*Kusimamisha na kuvunja.* Ni kubadili namba, basi. Lakini urahisi huo una gharama yake. Ukiandika `xParafujo := TRUE` ndani ya tawi la 20, kisha mtu akaipeleka namba kwenye 900 kutoka nje, hakuna mstari unaofuta parafujo. Inabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo sheria ni ileile ya chati: ndani ya `CASE` amua hatua tu, na vitoleo viandikwe chini yake, kila kimoja mara moja.

Saa nazo zina mtego wao. Tazama `tKoroga` hapo juu: imeitwa nje ya `CASE`. Ukiiita ndani ya tawi la 40 kwa `IN := TRUE`, mkupuo wa kwanza utakorogwa dakika 15 vizuri. Ukitoka 40, saa haiitwi tena, inabaki imejaa. Mkupuo wa pili ukifika 40, `Q` tayari ni kweli, na kukoroga kunarukwa kabisa. Dalili yake ni hii: mkupuo wa kwanza baada ya kuwasha ni mzuri, yote inayofuata ina madonge. Kwenye chati huna shida hiyo, kwa sababu kila hatua ina muda wake, mfano `S40.T`, unaoanza upya hatua ikianza.

*Kusomeka.* Fundi wa umeme anayefungua programu usiku anaona maandishi na namba 20. Asiyezoea maandishi atafunga. Unaweza kusaidia kwa kuonyesha kwenye skrini ya opereta jina la hatua na sentensi ya kinachongojwa: "Hatua 20: chokaa kilo 212 kati ya 294". Hiyo ni kazi ya ziada, lakini ikifanywa, fundi mara nyingi hahitaji kufungua programu. Kazi sambamba zinahitaji namba ya pili na `CASE` ya pili. Zikiwa mbili bado inavumilika. Zikizidi, rudi kwenye chati.

*Otomate.* Karibu zote za kisasa, S7-1200 ikiwemo.

*Inamfaa nani.* Anayejua kuandika, mwenye mchakato wa mstari mmoja, na mahali umeme unapokatika mara kwa mara.

Njia ya tatu: ngazi yenye biti za hatua

*Umeme kukatika.* Biti za hatua ukiziweka kwenye eneo la kumbukumbu ya kudumu, zinabaki. Ila sasa hali haiko katika namba moja. Imetawanyika katika biti nane. Yawezekana biti mbili zikawaka pamoja au zote zikazimika, na namba haiwezi kufanya hivyo. Weka mstari unaohesabu biti zilizowaka, na isipokuwa moja kamili, mashine isimame na kengele ilie.

*Kusimamisha na kuvunja.* Kuvunja ni kufuta biti zote na kuwasha ya kungoja. Kusimamisha ni mguso mmoja unaoongezwa kwenye mistari ya vitoleo. Kweli ni rahisi, mradi vitoleo viko mahali pamoja. Koili ileile ikiandikwa mara mbili, mstari wa mwisho ndio unaoshinda, na wa kwanza unaonekana unawaka kwenye skrini huku pampu imelala. Wengi wamebadilisha kontakta nzima kwa sababu hiyo.

Mpangilio wa mistari nao una uzito. Ukiandika mpito na hatua kwa kuchanganya, toka juu kwenda chini, hatua tatu zinaweza kuvukwa katika mzunguko mmoja kama masharti yake tayari ni kweli. Gawa sehemu tatu: kwanza hesabu mipito yote, kisha badilisha biti za hatua, mwisho andika vitoleo. Huko ni kuifuata Grafcet kwa mkono.

*Kusomeka.* Kila fundi wa umeme anasoma ngazi, maana inafanana na mchoro wa kabati lake. Lakini anasoma mstari mmoja mmoja. Kuona mkupuo mzima anahitaji ile karatasi ya Grafcet, nayo lazima iwe ndani ya mlango wa kabati na iwe ya toleo la leo.

*Otomate.* Zote, hata zile kuukuu.

*Inamfaa nani.* Otomate ya zamani, hatua zisizozidi kumi, na mafundi wasio na mazoea ya lugha nyingine.

Jambo moja lisilotegemea lugha

Masika yakifika, chokaa inanyonya unyevu na kujenga daraja ndani ya hopa. Parafujo inazunguka, uzito haupandi. Mpito unaongoja "uzito ≥ 294" peke yake utangoja hadi asubuhi. Weka sharti la pili: uzito usipopanda angalau kilo 2 katika sekunde 20, nenda kusimama na kengele "hopa". Namba hizo zirekebishe kwa mwendo wa parafujo yako, zisiwe kali hadi kila mtikisiko ukalia.

Na baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, usikiwashe kikorogeo bila kufikiri. Chokaa iliyozama hushika pangaboi, mota inavuta mkondo mkubwa, na rilei ya joto inakata. Hifadhi saa ya kukatika, linganisha na saa ya kurudi, na ukipita muda uliouona kwa majaribio ya tanki lako, mashine imtake mtu aangalie kwanza.

Kwa hali yako

Kama kabati lina S7-1200 na umeme unakatika kila wiki, chukua `CASE`, na bajeti ya muda uliyookoa iweke kwenye sentensi za skrini ya opereta.

Kama una S7-1500, M340 au CODESYS, na matanki mawili yanayoshirikiana bomba moja, chora chati mbili kama tulivyoeleza. Kazi sambamba zitakulipa usumbufu wa kurudi kwa umeme.

Kama umerithi otomate ya zamani yenye ngazi inayofanya kazi, usiigeuze lugha kwa ajili ya uzuri. Panga mistari katika sehemu tatu, ongeza hesabu ya biti, chora upya karatasi ya mlangoni.

Kama bado unasita kati ya chati na `CASE`, fanya jaribio la nusu siku. Andika hatua 10 hadi 30 tu kwa njia zote mbili, weka uzito wa bandia, kisha zima otomate mara mbili mfululizo ukiwa katika kila hatua, na kila mara hesabu kilo za chokaa zilizoingia hadi mwisho. Inayokupa 300 kila mara ndiyo unayoielewa vya kutosha kuiacha usiku na zamu nyingine.